Kiinua mgongo cha baba mkubwa na droo zangu zilizong'ang'ania

Haya jamani, asanteni, kaeni tu, mi nitaongea nikiwa nimesimama maana nikikaa naanza kusinzia. Niliombwa nizungumzie kazi uliyoichagua wewe na kazi waliyoitaka wazee, na nikaambiwa nisiwahutubie, kwa hiyo nitawasimulia ya kwangu, hasa pale nilipokosea.

Mi nimesoma uhasibu. Ada alilipa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alipostaafu akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake akaiweka kwangu miaka mitatu mfululizo. Nikamaliza, nikapata kazi ofisini, nikakaa miezi 14, alafu nikaacha nikaenda kujifunza useremala. Na hapa ndo kosa la kwanza: sikumwambia mtu. Miezi minne nzima ndugu wanajua niko ofisini, mi niko karakana napiga randa. Siku moja tumekutana kwenye shughuli ya familia, mama ananishika mkono kunisalimia, anaugeuza, anaangalia kucha zina vanishi iliyokauka, na gundi imeshika pembeni ya kidole gumba. Akaniuliza, huko ofisini kwenu mnapaka nini?

Basi nikamwambia ukweli, na hapohapo nikafanya kosa la pili ambalo naona karibu kila mtu analifanya. Nikamwambia, mama, naomba wewe umwambie baba mkubwa, wewe anakusikiliza.

Kuna daktari mmoja wa akili Mmarekani, Murray Bowen, aliyefanya kazi na familia miaka mingi sana, yeye alikuwa na neno lake la hii kitu, aliita pembetatu. Yaani watu wawili wakiwa na msuguano ambao hawawezi kuubeba, wanamvuta wa tatu. Presha inapungua kidogo kwa wale wawili lakini jambo lenyewe linabaki palepale, limehamia tu kwenye mgongo wa mtu mwingine. Kwetu lilihama kweli. Mama alipoenda akaulizwa, sasa wewe mama yake ulikuwa wapi, si wewe ndo umemlea hivo? Akarudi analia. Ujumbe wangu nao ulifika umebadilika, mi nilisema nimeacha ofisi najifunza useremala kwa fundi mzuri, kule umefika "mtoto kazi imemshinda". Mama hakudanganya, alikuwa anajaribu kunilinda, aliona kushindwa kunasameheka kirahisi kuliko kukataa. Kwa hiyo baba mkubwa akaanza kunitafutia ofisi nyingine! Wiki tatu napigiwa simu na watu siwajui wanataka wasifu wangu.

Kama mmoja wenu hapa amemtuma mama au dada mkubwa apeleke habari, leo mpigie umwambie asiseme, utasema mwenyewe. Ni ngumu, najua, ila mzee akikusikia kwa mdomo wako anakuwa na mtu wa kumuuliza maswali.

Nikaenda mwenyewe. Shikamoo, marahaba, nikakaa, nikaanza hotuba niliyoifanyia mazoezi njiani: maisha ni yangu, uhasibu sikuupenda toka mwanzo, dunia ya sasa siyo ile ya kwenu. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakufoka hata kidogo, akasema sentensi moja tu, "Mi nilitoa kiinua mgongo changu." Akanyanyuka akaenda ndani, hakurudi mpaka nikaondoka.

Mi nilisikia pesa. Nikajiambia mzee ananidai. Njia nzima nimekasirika, napiga hesabu ya ada kichwani nikamrudishie zote anione.

Kuhusu hiyo hisia ya kwamba pesa uliyotoa imepotea, ngoja niseme kidogo maana inawashika watu wote, siyo wazee peke yao. Mwaka 1985 watafiti wawili, Arkes na Blumer, walichapisha jaribio walilofanya na watu waliokuwa wananunua tiketi za msimu mzima wa maigizo. Baadhi yao wakauziwa kwa punguzo ambalo hawakulitegemea, wengine wakalipa bei kamili, na nani apate lipi ilikuwa bahati tu. Nusu ya kwanza ya msimu wale wa bei kamili walikwenda kuangalia maigizo mengi zaidi. Tiketi ni ileile, ila aliyetoa zaidi alijiona lazima aende. Sasa fikiria mzee aliyetoa akiba ya uzeeni. Lakini tafadhali usiende kumfundisha hii habari! Mi nilijaribu kwenye simu, nikamwambia pesa iliyotoka imetoka, tusiiangalie, tuangalie mbele. Kimya. Kwa hesabu nilikuwa sahihi, kwa utu nilikuwa nimemwambia kwamba alichonipa siyo kitu.

Kilichosaidia ni swali. Nikaenda mara ya pili kama mwezi baadae, bila hotuba, nikamuuliza: Bamkubwa, wakati unanilipia ada, ulikuwa unaniona niko wapi nikifika umri wako?

Akafikiria. Alafu akaanza kunisimulia rafiki yake wa ujanani, fundi, fundi hasa anasema, watu walikuwa wanapanga foleni kwake. Akaumia mkono kwenye msumeno. Wiki ile hakuna kazi, mwezi ule hakuna, na kwa kuwa hakuwa na mwajiri hakukuwa na mtu wa kumlipa, wala hakuwa na pensheni, akamalizia uzee wake kwa kuzunguka kwa watoto, mwezi huu kwa huyu, ujao kwa yule. Baba mkubwa akasema, "Nilikununulia kazi ambayo ukiumwa bado unalipwa."

Mnaona? Hakuwa na ugomvi na mbao. Na mi nilikuwa nimejiandaa kujibu mambo manne (heshima, jina la ukoo, mshahara, digrii) na hata moja halikuwa lake. Ukikisia utajibu maswali ambayo hajauliza, na lile la kwake litabaki pale linachemka. Muulize, alafu kaa kimya, na kimya chenyewe ni kirefu, mi nilihesabu maua ya pazia.

Na ukishalijua, angalia kama ni jambo lenye jibu. La kwangu lilikuwa nalo. Nchi nyingi mfuko wa hifadhi ya jamii unapokea mchango wa hiari kutoka kwa mtu aliyejiajiri, ulizia masharti ya kwenu. Nikajiandikisha, nikachukua na bima ya afya, nikaanza kutenga akiba ya kula miezi mitatu bila kazi. Nikarudi kwa baba mkubwa na makaratasi siyo na maneno. Akavaa miwani akasoma kila ukurasa, hata ule wa masharti ambao mi mwenyewe sikuusoma.

Hakusema sawa. Alisema, na ikishindikana?

Hapo ndo tukaweka muda. Miezi 18. Katika hiyo sikopi kwa ndugu yeyote, mchango wa mfuko haukatiki, na mwisho wake kipato changu nikishatoa gharama za mbao na karakana kisipungue nusu ya ule mshahara wa ofisini. Nikishindwa natafuta kazi ya uhasibu, useremala unabaki wa jioni. Na kila miezi mitatu nampigia namweleza hesabu, mapato na matumizi. Kichekesho ni kwamba hapo uhasibu aliolipia ukaanza kufanya kazi, hakuna fundi pale karakana alikuwa na daftari kama langu.

Kuhusu ile ada, sikumrudishia, angetukanika. Nilimuomba nichangie robo ya ada ya mwanae wa mwisho, na nikamwambia siyo kulipa deni, ni zamu yangu. Akakubali mwaka wa pili, siyo wa kwanza.

Sasa mwezi wa saba wa ile 18. Nimetengeneza kabati kubwa la droo sita, mteja kalipa, wiki ya tano ananipigia droo hazifunguki. Nimekwenda, kweli, zimejikunja zimeng'ang'ania. Nilikuwa na haraka nikanunua mbao ambazo hazijakauka sawasawa. Samani za ndani zinataka ubao wenye unyevu kama asilimia 8 hadi 12, ukiwa nao mwingi zaidi ubao unaendelea kukauka na kujikunja humo ndani, na mi nafasi ya kuchezea kwenye droo nilikuwa nimeacha ndogo mno, na upande wa ndani sikupaka kitu. Nikazibeba zote sita nikazitengeneza upya kwa gharama yangu. Faida ya mwezi mzima ikaisha.

Ripoti ilikuwa inafuata wiki hiyo. Nilitamani sana niiruke, au niseme tu mwezi haukuwa mzuri. Nikamwambia yote, mpaka unyevu. Akauliza maswali mengi kuliko siku zote: mbao ulinunua kwa nani, kifaa cha kupima unyevu kinapatikana, kwanini hukununua kwanza. Naamini simu ile ilifanya kazi kubwa kuliko ripoti zote nzuri, kwa sababu alikuwa anasubiri kuona kama nitamficha tena kama ile miezi minne. Na kile kifaa nikanunua.

Niwe mkweli, hii njia ina mipaka. Kama unakula na kulala kwa mzee na unajua akikasirika utatolewa nje, au kuna kupigwa, usianze na mazungumzo, anza na pa kulala na kipato kidogo, ukweli utausema ukiwa salama. Pia kuna mzee ambaye kila ukijibu hofu moja anatoa nyingine isiyohusiana, leo pensheni, kesho majirani, keshokutwa jina. Hapo makaratasi hayasaidii, anachotaka ni kutiiwa. Mtafute mtu wa rika lake mnayemheshimu wote wawili mkae watatu mezani, siyo umtume, mkae. Na ikishindikana endelea na kazi yako na endelea kusalimia. Upande wa pili, kama swali lake umelijibu mara tatu na kila mara jibu lako ni "itajulikana mbele ya safari", inawezekana kabisa mzee ameona kitu.

Miezi 18 ilifika. Nilivuka nusu, siyo kwa mbali. Nikampigia kumkumbusha tarehe, akasema anaijua, tuongeze mwaka. Alikuja karakana mara moja tu, akavuta droo, akaisukuma, akaivuta tena, akapitisha kidole kwa chini ambako mteja hafiki, akauliza hii mbao umepima? Nikamwambia ndio, 11. Kwa watu bado ananitambulisha, "huyu mhasibu wangu, sasa hivi yuko kwenye makabati."

Haya, dada pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, mpeni maiki.