Mchoro Mpya Si Ruhusa ya Kumwaga Zege

HAMISI: Karibuni. Leo tunaufuata mchoro mmoja tu: nguzo za sakafu ya chini za zahanati ya ghorofa moja. Tutaenda nao tangu unapochorwa mpaka fundi anapokunja nondo saiti.

NEEMA: Na tuanze na kinachowachanganya wengi, kaka Hamisi. Namba ya toleo inakwambia nakala ipi ni mpya. Hadhi inakwambia nakala hiyo inaruhusiwa kutumika kwa kazi gani. Ni maswali mawili tofauti, na nakala mpya kuliko zote yaweza kuwa hairuhusiwi kabisa kujengewa.

HAMISI: Tuupe mchoro jina kwanza.

NEEMA: Jina liwe hivi:

```
ZHN-MHD-J1-00-MCH-M-0012
```

Mradi wa zahanati, ofisi ya mhandisi, jengo la kwanza, sakafu ya chini, aina ya hati ni mchoro, fani ni muundo, kisha namba. Namba iwe na tarakimu nne tangu siku ya kwanza. Ukiandika 1, 2 hadi 10, programu nyingi zitaipanga 10 kabla ya 2.

HAMISI: Mbona toleo halimo?

NEEMA: Faili la kuchorea lisibadilishwe jina. Michoro mingine imeunganishwa nalo, na ukiongeza "v2" mwishoni, viungo vinakatika; mchoro wa msanifu unafunguka ukiwa hauna nguzo. Toleo na hadhi tunaviweka kwenye nakala ya PDF inayotolewa:

```
ZHN-MHD-J1-00-MCH-M-0012_P02_S3.pdf
```

HAMISI: P02 na S3, tuzifungue.

NEEMA: Zinatoka kwenye utaratibu wa Uingereza unaofuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi. P ni toleo la awali. Mhandisi akiwa bado anachora ni P01.01, P01.02, na hadhi ni S0. Akiutoa kwa wenzake unakuwa P01, nukta inaondoka. Akirudi mezani kuurekebisha anaanza P02.01. S2 ni kwa taarifa tu, S3 ni kwa mapitio na maoni. Ukishaidhinishwa unakuwa C01, na hadhi inabeba herufi A ikifuatwa na namba ya hatua ya mradi, tuseme A4.

HAMISI: Sasa kosa linaingia wapi?

NEEMA: Tuseme P02_S3 inaonyesha nondo 4 za milimita 12 kwa kila nguzo, na imetumwa ili mkaguzi atoe maoni. Msimamizi wa saiti anafungua folda, anaona P02 ndiyo ya karibuni, anaichapisha. Siku chache baadaye maoni yanarudi: nondo ziwe 6 za milimita 16. C01 inatoka ikiwa sahihi kabisa, lakini zege la nguzo limeshashika.

HAMISI: Hapo hakuna aliyechora vibaya. Folda ndiyo iliyomfikishia mtu wa saiti karatasi isiyo yake.

NEEMA: Ndiyo maana folda zigawanywe kwa hadhi kwanza, fani zije ndani yake:

```
01_KAZI
02_SHIRIKI
03_IMEIDHINISHWA
04_KUMBUKUMBU
```

Kwenye KAZI huingia timu inayochora tu. SHIRIKI ni ya washauri kusoma na kutoa maoni. Saiti haioni humo. Saiti inasoma IMEIDHINISHWA peke yake, na anayeweka faili humo ni mtunza nyaraka mmoja, baada ya kuona saini ya idhini. C02 ikiingia, C01 inahamishiwa KUMBUKUMBU saa hiyohiyo. Haifutwi, maana kukitokea mgogoro wa malipo itatafutwa.

HAMISI: Na wale wanaopenda folda ndani ya folda, ngazi nane?

NEEMA: Ngazi tatu au nne zatosha. Windows kwa kawaida huhesabu njia nzima, folda pamoja na jina la faili, na programu nyingi hukwama kwenye herufi 260. Faili linakataa kufunguka au kunakiliwa, na watu wanadhani limeharibika.

HAMISI: Bado kuna karatasi. Folda haiwezi kuingia kwenye kibanda cha saiti ikaondoa mchoro wa zamani ukutani.

NEEMA: Hapo kinachosaidia ni daftari la nyaraka. Kila mchoro una mstari wake: jina, toleo, hadhi, tarehe ya kutolewa, nani kapewa na nakala ngapi za karatasi. Kama C01 zilitoka nakala 3, C02 haigawiwi mpaka zile 3 zirudi, zipigwe muhuri "IMEBATILISHWA". Zikirudi 2, mtunza nyaraka anakwenda saiti kuitafuta ya tatu kabla nondo hazijakatwa. Na fundi mkuu, kabla ya kukata, asome kisanduku cha maelezo pembeni mwa mchoro: akiona P badala ya C, asikate, apige simu.