Mita 150 za ujazo kwa siku: mhadhara kuhusu muhtasari wa athari za mradi mdogo wa maji

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kwa ajili ya mradi mdogo wa maji, ule unaopelekwa kwa mamlaka inayotoa kibali. Muda tulionao ni mfupi, kwa hiyo nitashughulika na sentensi moja tu, ambayo huonekana karibu katika kila muhtasari wa aina hii: "Mradi utachukua mita 150 za ujazo kwa siku, kiasi ambacho ni kidogo na hakitaathiri mto." Sentensi hiyo inaweza kuwa na hesabu sahihi kabisa na bado ikamficha msomaji athari kubwa kuliko zote.

Tuchukue mradi wa mfano. Watu 3,000 wanaishi juu ya kilima, na kijito kinapita bondeni. Kwa ongezeko la asilimia 2.5 kwa mwaka, baada ya miaka 15 watakuwa takriban 4,350. Kila mmoja akikadiriwa lita 25 kwa siku kwenye vituo vya kuchotea, na tukiongeza shule na zahanati, mahitaji yanafika lita 120,000. Maji yanayopotea njiani hayakwepeki. Tukiyahesabu kuwa asilimia 20 ya maji yote yanayotolewa mtoni, basi mtoni inabidi zitoke lita 150,000, yaani zile mita 150 za ujazo. Hadi hapa mhandisi hajakosea.

Sasa twende mtoni. Kijito chetu, mwishoni mwa kiangazi, kinatiririsha lita 6 kwa sekunde. Kipimo cha wakati huo ndicho chenye maana kwa anayetoa kibali. Wastani wa mwaka mzima, ambao waandishi wengi huuweka kwa sababu ni mkubwa na unapendeza, unachanganya mafuriko na ukame na hausemi lolote kuhusu wiki ile ambayo maji ni haba. Lita 6 kwa sekunde ni zaidi ya mita 518 za ujazo kwa siku, kwa hiyo mradi unachukua asilimia 29. Mwandishi anaandika "athari ya wastani", anapiga mstari, anaendelea na ukurasa unaofuata.

Ila pampu ya mradi huu inatumia umeme wa jua, na inafanya kazi saa 8 tu mchana. Ili kupandisha lita 150,000 katika saa 8, lazima ivute lita 5.2 kila sekunde. Kijito kilichokuwa na lita 6 kinabakiwa na lita 0.8, na usiku kinarudi kuwa na lita zote 6. Kwa siku nzima kiasi kilichochukuliwa ni kilekile, lakini mto umegeuzwa kuwa kitu kinachofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Vidimbwi vinatengana, samaki wadogo wananasa pembezoni, na mayai yaliyotagwa kwenye kina kifupi yanakauka kabla ya saa sita mchana. Isitoshe, saa ambazo pampu inavuta ni zilezile ambazo watu wa upande wa chini huja kuchota na mifugo huletwa kunywa. Mahali ambapo mchanga wa mto unanyonya maji, zile lita 0.8 zinaweza zisiwafikie kabisa.

Hapo ndipo athari kwa jamii inapojitokeza, na hapo ndipo ninapopenda kufungua kiambatisho cha mahudhurio ya mikutano. Angalieni safu ya makazi ya wahudhuriaji, kisha mlinganishe na ramani. Mara nyingi mtakuta kwamba wote waliohojiwa wanatoka kilimani, kwa wanufaika, na wote wamekubali. Nani angekataa maji? Mwenye bustani kilomita moja chini ya banio, yaani pale mradi unapochukulia maji mtoni, hakuitwa, kwa kuwa makazi yake yako nje ya eneo la mradi kama lilivyochorwa. Muhtasari ulioandikwa vizuri unachora eneo la athari kwa kufuata maji hadi pale kijito kinapopokea kijito kingine kikubwa, na unasema waziwazi ni nani anayetumia maji katikati, kwa saa zipi na kwa kazi gani. Mitaro ya mabomba kupita mashambani na maji kutuama kwenye vituo navyo viandikwe, lakini aya moja inatosha. Hatua zake zinajulikana na ni rahisi kusimamiwa.

Je, tufanyeje na pampu? Njia mojawapo ni kujenga tenki la kukusanyia kando ya mto, likijazwa polepole mchana na usiku kwa lita 1.74 kwa sekunde, na pampu ivute kutoka humo. Mto unabakiwa na lita 4.26 wakati wote. Ila tenki hilo lazima lihifadhi maji ya saa 16 ambazo pampu imelala, yaani mita 100 za ujazo, na linahitaji kiwanja karibu na mto, ambako mara nyingi kuna shamba la mtu. Kwa hiyo athari moja imepunguzwa na nyingine imezaliwa, na mamlaka inastahili kuziona zote mbili katika ukurasa mmoja, pamoja na fidia iliyokubaliwa, badala ya kuikuta ya pili imejificha kwenye bajeti.

Kinga ya pili ni ya ujenzi wa banio lenyewe: bomba la kurudisha maji mtoni liwekwe chini zaidi ya bomba la mradi, ili maji yanaposhuka mradi ndio ukose kwanza. Mpangilio huo haumtegemei mlinzi kukumbuka kufungua koki.

Hata hivyo, sharti la kibali linahitaji kupimika. Chini ya banio wekeni bamba lenye pengo la pembe-tatu la nyuzi 90 na kijiti cha vipimo. Kwa pengo hilo mtiririko hukadiriwa hivi, kimo cha maji juu ya ncha ya pengo kikiwa katika mita na jibu katika mita za ujazo kwa sekunde:

```
Q = 1.38 × h^2.5
```

Lita 6 kwa sekunde zinasimama kwenye kimo cha sentimita 11 hivi, lita 4.26 kwenye sentimita 10, na lita 0.8 kwenye sentimita 5. Tazameni jinsi jicho linavyoweza kudanganywa: kimo kimeshuka kwa nusu na ushei, ilhali mtiririko umebaki chini ya moja ya saba. Kijiti kinasomwa karibu mita moja nyuma ya bamba, kwa sababu maji huinama yanapokaribia pengo.

Kwa hiyo, badala ya kuandika kwamba mradi "utalinda mtiririko wa mazingira", yaani maji yanayoachwa mtoni kwa ajili ya viumbe na watu wa upande wa chini, andikeni kwamba kimo kikishuka chini ya sentimita 9, ambazo ni zaidi kidogo ya lita 3 kwa sekunde, uchukuaji wa maji utapunguzwa au kusimamishwa, na vituo vitafunguliwa kwa zamu. Tajeni pia cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kufunga koki siku hiyo, na mtu wa upande wa chini mwenye haki ya kusoma kijiti pamoja naye, kwa kuwa mwendesha pampu analipwa kutokana na maji yanayouzwa kilimani.