Mistari Michache kwa Mwandishi wa Habari

Ndugu zangu, nimekaa miaka mingi kwenye meza ya mhariri, na jioni hii nataka tuzungumzie barua pepe moja tu: ile unayomwandikia mwandishi wa habari ukitaka aandike kuhusu biashara yako mpya.

Tuchukue mfano. Mtu amefungua karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu vilivyoharibika. Barua yake ya kwanza inaanza hivi: "Tunayo furaha kuwatangazia uzinduzi wa kampuni yetu bunifu, inayotoa huduma bora na za kisasa." Ameambatisha faili la kurasa nne, na ameituma kwa waandishi thelathini kwa mpigo. Hajibiwi na hata mmoja. Anadhani wamemdharau, kumbe hajawapa habari. Kufungua biashara ni jambo kubwa kwa aliyeifungua. Msomaji, kwa upande wake, anauliza kuna nini kipya, na kinamgusa nani.

Mtu huyu ningemwuliza: tangu ufungue, umeona nini ambacho wengine hawajakiona? Hapo ndipo anapolitoa daftari lake la matengenezo, na habari imo humo. Basi aandike upya, kwa mwandishi mmoja, amtaje kwa jina lake, na kwenye mada ya barua aweke: "Viti 27 kati ya 40 'visivyotengenezeka' vilihitaji beringi tu". Kisha:

"Mwezi uliopita uliandika kuhusu watu wanaosubiri viti vipya vya magurudumu. Mimi nina karakana ya kutengeneza vilivyoharibika, na nimekutana na upande mwingine wa jambo hilo. Katika miezi mitatu nimeletewa viti 40 ambavyo wenyewe waliambiwa havitengenezeki. Katika viti 27, ubovu ulikuwa kwenye beringi za magurudumu madogo ya mbele, kazi isiyofika saa moja. Kila kiti kimeandikwa kwenye daftari, na unaweza kulikagua. Wateja wawili wamekubali kuhojiwa na kupigwa picha wiki hii. Je, hili linakufaa? Kesho asubuhi napatikana kwa simu."

Chini yake jina na namba ya simu. Basi. Hakuna kiambatisho, picha akizitaka atatumiwa kiungo.

Tazameni sentensi ya kwanza. Haimsifu mwandishi; inaonyesha kwamba kazi yake imesomwa, na inaunganisha habari hii na jambo analolifuatilia tayari. Sentensi hiyo huwezi kuiandika bila kusoma habari zake tatu nne za karibuni. Ukizisoma ukakuta anaandika mambo ya hisa na mabenki tu, umeshajua kwamba mtu wako ni mwingine, labda wa dawati la afya au la jamii.

Wale wateja wawili wana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwandishi anapoingia kwenye kikao cha asubuhi kutetea wazo lake, mhariri humwuliza: tunaongea na nani, na picha iko wapi? Mimi nimeliuliza swali hilo mara zisizohesabika, na mawazo mazuri yamefia hapo kwa kukosa jibu. Lakini waombeni ruhusa wateja wenyewe kabla ya kuwataja. Si haki mtu asikie habari zake kwa mgeni aliyempigia simu.

Hesabu nayo ina mipaka yake. Viti 40 ni vya karakana moja, na waliovileta ni wale tu waliosikia kwamba ipo. Usiandike "viti vingi vinavyotupwa ni vizima". Mwandishi makini atalibana dai hilo, likianguka linaanguka na lile la kweli. Pia atawapigia wauzaji wa viti wapate kujibu, maana ndiyo kazi yake, usimwone amekugeuka. Na usimwombe akuonyeshe habari kabla haijachapishwa. Unachoweza kumwomba ni akusomee maneno yako au takwimu zako ahakikishe ziko sawa, na hata hilo ataamua yeye.

Akinyamaza, subiri siku tatu hivi za kazi, kisha ujibu juu ya barua ileile kwa mstari mmoja, ukiwa na jambo jipya: labda mteja wa tatu amekubali kuzungumza. Akinyamaza tena, mwache, upeleke wazo kwa mwingine. Kama ulimwahidi kwamba habari ni yake peke yake, mwandikie kwanza kwamba ahadi hiyo imekwisha.

Na akikujibu "nitumie daftari", mtumie saa ileile, majina ya wateja wasiokubali kutajwa yakiwa yamefunikwa. Ukimjibu keshokutwa, nafasi yake ukurasani huenda imeshajazwa na habari nyingine.