Sita au Tisa: Spika za Ukumbi wa Abiria

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Tuanze na maneno mawili: sita na tisa. Irabu zake ni zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule. Kinachoyatenganisha ni s na t zilizobadilishana nafasi, na konsonanti hizo zina nguvu ndogo na hudumu kitambo kifupi mno. Katika ukumbi wenye mwangwi, irabu ya silabi iliyotangulia bado inazunguka hewani wakati konsonanti inafika, inaifunika, na abiria wa lango la tisa anakwenda lango la sita. Moto ukiwaka, sauti hiyohiyo ndiyo itakayomwambia atokee mlango upi.

Kipimo tunachotumia kujua maneno yanaeleweka kiasi gani ni STI, kinachoanzia 0 hadi 1. Lengo la kawaida la matangazo ya dharura ni 0.50 kwenda juu. Chini ya 0.45 watu wanasikia kelele ya mtu anayezungumza, maneno hawayapati.

Sasa tupige hesabu ya ukumbi wa mfano wa kituo cha mabasi ya mikoani: urefu mita 60, upana 30, kimo 10. Ujazo ni mita za ujazo 18,000. Sakafu ni vigae, kuta ni vioo na zege, paa ni bati. Tuseme sauti inachukua sekunde 3 kufifia kwa desibeli 60. Hesabu inayoongoza ni hii:

```
T = 0.161 × V / A
```

T ni muda huo wa kufifia, V ni ujazo, A ni eneo linalonyonya sauti. Kwa sekunde 3, A ni kama mita za mraba 966. Ukumbi kama huu, hata ukiwa kimya kabisa, mtu anayesikia mwangwi pekee anapata STI ya karibu 0.36.

Wakandarasi wengi hufunga spika ndogo 40 darini, kwa sababu ni rahisi na inaonekana nadhifu. Tatizo ni kwamba kila spika inalisha mwangwi wa ukumbi mzima, ilhali msikilizaji anafaidika na zile chache zilizo juu yake tu. Kwa spika ya kawaida ya darini, umbali ambapo sauti ya moja kwa moja inalingana na mwangwi unakuwa mita 1.6 hivi kutoka kwenye spika. Sikio la abiria liko mita 8.5 chini. Wanaosikia vizuri ni njiwa.

Hapo ndipo fundi anapoongeza sauti, na hapo ndipo anapokosea. Kuongeza sauti kunasaidia dhidi ya kelele za watu na injini. Mwangwi ni zao la tangazo lenyewe, kwa hiyo unapanda pamoja nalo. Tena tangazo likipita desibeli 80 hivi, sikio lenyewe huanza kupoteza uwezo wa kutenganisha sauti. Dalili ya kosa hili ni rahisi: punguza sauti kwa desibeli 5 ukumbi ukiwa mtupu. Maneno yasipopungua ubora, adui yako ni mwangwi.

Badala ya 40, weka spika 4 za nguzo, yaani ndefu na nyembamba, mbili kila ukuta mrefu, zinazobana miale ya sauti kuelekea kimo cha vichwa na kuliacha paa. Umbali ule wa mlingano unapanda hadi karibu mita 10. Kisha ongeza vibao vya kunyonya sauti chini ya paa: mita za mraba 1,200 hivi za kibao kinachonyonya asilimia 80 zinashusha mwangwi hadi sekunde 1.5, na mlingano unafika mita 14. Tangazo likiwa juu ya kelele kwa desibeli 10, katikati ya ukumbi STI inakuja karibu 0.55, na pembeni inaponea chupuchupu kwenye 0.50. Vibao ndivyo ghali, na ndivyo vinavyofutwa kwanza kwenye bajeti. Ningefuta mapambo mengine yote kabla yake.

Spika jirani za nguzo ziwe kwenye nyaya na amplifaya tofauti, A na B, ili moja ikifa ukumbi usinyamaze.

Kupima kunafanyika usiku, ukumbi mtupu, kwa ishara maalumu inayopigwa mbele ya maikrofoni ileile ya chumba cha matangazo. Lakini usiku hakuna kelele, kwa hiyo namba itakudanganya. Rekodi kelele ya saa yenye msongamano kwa kila masafa, kisha iingize kwenye hesabu ya matokeo ya usiku. Ripoti yenye 0.58 isiyotaja kelele ya mchana irudishwe kwa aliyeiandika.