Kadi Imekataliwa, na Hela Imo

Ndugu zangu wenye maduka, na ninyi mnaokaa kaunta kutwa nzima, habari za jioni. Nimeombwa nieleze jambo linaloleta maneno makali dukani: mteja anachomeka kadi, mashine inakataa, naye anawaonyesha kwenye simu kwamba salio lipo.

Mashine yenu hailioni salio hilo. Kazi yake ni kupeleka ombi kwa benki yenu, nayo hulipitisha kwenye mtandao wa kadi, tuseme Visa au Mastercard, mpaka benki iliyotoa kadi. Uamuzi hufanyika huko, na jibu hurudi kwa njia ileile likiwa na tarakimu mbili. 00 maana yake imekubaliwa. 91 ni kwamba benki ya mteja haikupatikana. 05 ni kwamba benki imekataa na haikutaja sababu. Mashine nyingi huchapa tarakimu hizo kwenye karatasi ya muamala uliokataliwa. Msiitupe karatasi hiyo, maana ndiyo inayowaambia tatizo liko wapi.

Leo nataka tukae na 51, yaani salio halitoshi, kwa sababu ndiyo inayomfanya mteja aone kama anatukanwa.

Benki huwa na hesabu mbili za akaunti moja. Kuna salio la daftari, yaani fedha zote zilizoandikwa kwa jina la mteja. Kuna pia salio la kutumia, ambalo ni lile la daftari ukitoa fedha zilizozuiwa. Muamala wa kadi ukikubaliwa, kwa kawaida fedha hazihami palepale. Benki huzizuia tu, ikisubiri madai kamili yatakayokuja baada ya duka kufunga hesabu za mashine, na hilo huchukua siku kadhaa. Kwa hiyo mtu aliyelala hotelini juzi, wakamzuilia fedha za dhamana, anaweza kuona laki tano kwenye simu wakati anazoruhusiwa kutumia ni laki mbili. Benki huamua kwa salio la kutumia.

Sasa tazameni hili. Mteja ana shilingi 300,000, na bidhaa zake ni 180,000. Anachomeka kadi, anaweka namba ya siri, ombi linaondoka. Benki yake inakubali na kuzuia 180,000. Jibu likiwa njiani, laini ya simu iliyo ndani ya mashine inapoteza mtandao. Mashine inasubiri, muda unaisha, inaandika kwamba muamala umeshindikana. Keshia, kwa nia njema kabisa, anasema, "Dada, twende kaunta ya pili, ile mashine ina mtandao mzuri." Kule ombi la 180,000 linafika benki bila shida, lakini salio la kutumia sasa ni 120,000. Jibu ni 51. Dada anafungua simu, anaona 300,000, na ugomvi unaanzia hapo.

Hakuna aliyeiba. Mashine ikikosa jibu hutengeneza ujumbe wa kubatilisha ombi lake, ili benki iachie fedha ilizozuia. Lakini mashine ya kwanza haina mtandao, kwa hiyo ujumbe huo umebaki ndani yake. Nyingi huutuma mtandao ukirudi, au kabla ya kuanza muamala unaofuata. Mkiizima na kuiweka kabatini mpaka kesho, mmezifungia humo fedha za mteja. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu huenda ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo muda ukiisha bila jibu, msikimbilie mashine nyingine. Muulizeni mteja kama amepata ujumbe wa benki kwamba fedha zimetoka. Kama amepata, irudisheni mashine ileile kwenye mtandao, muipe dakika chache, kisha mwambieni aangalie salio la kutumia. Likirudi 300,000, jaribuni tena. Lisiporudi, msimpe bidhaa kwa kutegemea ujumbe wa simu yake, maana bila 00 kwenye mashine yenu hamna muamala wa kudai.

Kuna pia 61, ambayo ni rahisi zaidi: kadi imevuka kikomo chake cha matumizi, hata kama akaunti ina mamilioni. Anayenunua friji kubwa hukutana nayo. Apige simu benki yake wapandishe kikomo. Ninyi hamna la kufanya kwenye mashine.

Fedha zikiendelea kuzuiliwa, wa kuzifungua ni benki iliyotoa kadi, si duka. Mpeni mteja nakala ya karatasi ile. Ina tarehe, saa, kiasi, tarakimu nne za mwisho za kadi, na mara nyingi namba ndefu iliyoandikwa RRN. Akiwa na hiyo RRN, mtu wa benki anaweza kulipata ombi lile lenyewe kati ya maelfu ya siku hiyo, aone kama ujumbe wa kubatilisha ulifika, na kama haukufika aombe fedha ziachiwe.