Ukiachia hapa, kitarudi? Tusome grafu ya kuvuta chuma

Habari zenu, karibuni. Hapa mezani nina kipande cha chuma laini, kile cha kawaida cha karakana, na grafu iliyotoka kwenye mashine baada ya kukivuta mpaka kikakatika. Chukua karatasi na penseli, tutaichora pamoja. Muda wote tutauliza swali moja tu: nikiachia hapa, kipande kitarudi kwenye urefu wake?

Kwanza tuone kipande chenyewe. Katikati kimechongwa kikawa na kipenyo cha milimita 10, kwa hiyo eneo la mkato wake ni milimita za mraba 78.5. Kabla ya kuvuta nimekipiga alama mbili zilizoachana milimita 50. Tutafuatilia sehemu hiyo tu, iliyo kati ya alama.

Sasa chora mistari miwili ya grafu. Wa kusimama ni mkazo: nguvu ya mashine tukiigawa kwa ile 78.5. Wa kulala ni urefukaji: milimita zilizoongezeka tukizigawa kwa 50. Tunagawa ili grafu ieleze tabia ya chuma, isitegemee unene au urefu wa kipande. Ukileta kipande kinene cha chuma hichohicho, nguvu itapanda lakini mkazo utabaki palepale.

Washa mashine. Angalia mwanzo wa grafu: mstari unapanda umenyooka kama rula. Nguvu ikifika kilonyutoni 22, yaani nyutoni 22,000, gawa kwa 78.5 unapata mkazo wa megapaskali 280. Je, kipande kimerefuka kiasi gani? Milimita 0.07. Huo ni kama unene wa unywele mmoja. Kwa macho huwezi kuona kitu, unaona mashine inanguruma na namba zinapanda tu.

Ukiachia popote kwenye mstari huu, kipande kinarudi kwenye milimita 50 zake. Hili ndilo eneo la elastiki. Ndani ya chuma, atomu zimeachana kidogo lakini kila moja bado ina majirani walewale, basi ukiachia zinavutana na kurudi.

Mwinuko wa mstari huu nao una maana. Gawa 280 kwa 0.0014, ambayo ni 0.07 kwa 50. Unapata megapaskali 200,000. Namba hiyo inaeleza ugumu wa chuma kunyooshwa, na kwa vyuma vya kawaida haiendi mbali na hapo.

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kupata 40,000. Mwalimu akaangalia karatasi yangu, akauliza, "Una uhakika ulivuta chuma?" Kosa langu lilikuwa kupima mwendo wa kichwa cha mashine badala ya kubana kipimio kwenye kipande chenyewe. Kichwa kilisogea milimita 0.35, ila sehemu kubwa ya hizo ilikuwa meno ya mashine yanayoshika kipande yakijikaza na mashine yenyewe ikijinyoosha. Kwa hiyo ukiona mwinuko ni mdogo mno, usikilaumu chuma kwanza. Uliza kipimio kilikuwa wapi. Na kama grafu inaanza na kijikona kilicholala kabla ya kunyooka, hayo ni meno yanajishikiza. Weka rula kwenye sehemu iliyonyooka, urudishe mstari mpaka chini, sifuri yako ya kweli iko hapo.

Tuendelee. Baada ya ile 280 kinatokea kituko: nguvu inashuka ghafla mpaka kama kilonyutoni 21, halafu inacheza hapo juu chini, juu chini, huku kipande kinazidi kurefuka. Chuma kimesalimu amri. Kama kipande kimeng'arishwa vizuri, sogeza taa kwa pembeni: utaona mistari hafifu iliyolala mshazari inajitokeza upande mmoja na kusambaa kuelekea mwingine. Kila panapopita mistari hiyo, mng'ao unafifia. Tabaka za atomu zimeanza kuteleza, moja juu ya nyingine, na atomu sasa zina majirani wapya.

Kutoka hapa tuko eneo la plastiki. Usifikirie ndoo wala mifuko, neno hili hapa lina maana ya kitu kinachobaki na umbo ulilokipa, kama udongo wa mfinyanzi.

Mstari ule wa kuchezacheza ukiisha, kwenye urefukaji wa kama asilimia 2, grafu inaanza kupanda tena kwa mviringo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo twende polepole. Simamisha mashine kwenye asilimia 5. Kipande kimerefuka milimita 2.5, mkazo ni megapaskali 350. Sasa achia nguvu taratibu, huku ukiangalia kalamu ya grafu.

Ulitegemea kalamu irudi kwa njia iliyojia? Hairudi. Inashuka kwa mstari ulionyooka, sambamba na ule wa mwanzo kabisa. Kipimo kinasema kipande kimerudi nyuma milimita 0.09 tu, na 2.41 zimebaki moja kwa moja. Maana yake, hata kwenye eneo la plastiki sehemu ya elastiki haikufa. Kipande kina vyote viwili kwa wakati mmoja, na ukiachia kinarudisha kile cha elastiki peke yake. Fundi anayekunja nondo anakijua kirudio hiki: anapitisha kona kidogo kuliko anavyotaka, kwa sababu nondo itafunguka akiiachia.

Vuta tena. Kalamu inapanda kwenye mstari uleule ilioshukia, na safari hii chuma kinasalimu karibu na 350 badala ya 280. Kimekuwa kigumu zaidi, kwa sababu mitelezo ya ndani imezidi na sasa inazuiana. Lakini nafasi ya kurefuka kabla ya kukatika imepungua.

Tusonge mpaka kileleni. Kilonyutoni 34, mkazo 433. Tangu mstari ule wa kuchezacheza uishe mpaka hapa, kipande kimekuwa kinarefuka sawasawa kila sehemu. Baada ya kilele, mahali pamoja panaanza kubonyea na kuwa shingo, kisha grafu inashuka mpaka kishindo cha kukatika, kwenye kilonyutoni 25.

Je, chuma kimedhoofika? Hapana, grafu ndiyo inatudanganya. Bado tunagawa kwa 78.5, wakati shingo imebaki na kipenyo cha milimita 6, eneo 28.3. Gawa 25,000 kwa 28.3: ni zaidi ya megapaskali 880. Pale shingoni chuma kiliendelea kukaza mpaka mwisho.

Unganisha vipande viwili, pima kati ya alama. Nimepata milimita 65. Zilizobaki ni 15, yaani asilimia 30, na zote ni za plastiki.

Mwisho, ukileta alumini utatafuta kile kituko cha kusalimu amri na hutakiona. Grafu inapinda kimyakimya. Fanya hivi: kwenye mstari wa kulala, weka nukta kwenye asilimia 0.2. Kutoka hapo chora mstari sambamba na ule wa mwanzo, mpaka ukate grafu. Soma mkazo wa hapo, ndio utakaoandika. Umeshajua kwa nini uwe sambamba: ndiyo njia ambayo kalamu ingeshukia. Ukiachia pale ulipokata, kipande cha milimita 50 kitabaki kimezidi kwa milimita 0.1.