Karatasi Zako Zinapokukana: mazungumzo na wafanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba

Mwangaluka, ndugu zangu! Najua mzigo uko juani, na ikinyesha mvua hapa hamtanisikiliza tena, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Nimekaa miaka mingi benki, kwenye meza ya kufungua akaunti, hapa mjini Mwanza. Mteja anayerudishwa nyumbani mara nyingi hana upungufu wa karatasi. Anazo tele, ila kila moja inamtaja kivyake. Kadi ya mpiga kura inasema hivi, cheti cha ubatizo kinasema vile, na kitambulisho cha taifa kina lake. Akishaambiwa "taarifa zako hazilingani", anatoka mbio kwenda NIDA kubadilisha. Hapo ndipo wengi wanapojiumiza, maana wanakwenda kuharibu karatasi iliyokuwa sahihi.

Niwape kisa cha mama mmoja wa hapahapa Mwaloni. Majina nitakayotumia si yake, ni ya mfano. Alifungua akaunti mwaka 2013 kwa kadi ya mpiga kura, na karani akaandika kwa mkono: Mbuke Mwandu Masaru, kazaliwa 01/07/1974. Miaka ikapita. Akasajili laini kwa alama za vidole, kisha akataka kuiunganisha laini hiyo na akaunti, fedha za wateja wa Shinyanga zimfikie kwenye simu na yeye azisukume benki. Maombi yakakataliwa. Alipofika kwetu, kitambulisho chake cha taifa kilisomeka Mbuke Ng'wandu Masalu.

Sisi wa kanda hii tunaelewa mara moja kilichotokea. Ng'wandu na Mwandu ni jina moja, na Masalu na Masaru ni sikio la karani tu. Kompyuta haijui Kisukuma. Kwake herufi moja ikipishana, huyo ni mtu mwingine.

Sasa sikilizeni tofauti ya njia mbili hizi. Unaposajili laini, wakala hachapi jina lako. Unampa namba ya NIDA, unaweka kidole, na jina na tarehe ya kuzaliwa vinakuja vyenyewe kutoka kwenye kumbukumbu za NIDA. Kwa hiyo laini yako na kitambulisho chako haviwezi kupishana jina, kama kweli laini ni yako. Akaunti ya zamani ya benki ni tofauti, kwa sababu iliandikwa na mtu akitazama karatasi au akisikiliza mdomo wako. Ukikuta simu na benki zinabishana, anza kuishuku benki.

Lakini usishuku kwa kubahatisha. Yule mama nilimwomba atandaze karatasi zote mezani, nami nikachukua karatasi tupu nikaandika kila hati inavyosema, herufi kwa herufi, na alama ya king'ong'o juu ya ng' tusiiache. Kitambulisho cha taifa: Ng'wandu Masalu. Cheti cha ubatizo, cha tangu yuko mchanga: Ng'wandu Masalu, Machi 12, 1974. Kadi ya mpiga kura na benki: Mwandu Masaru. Tukatazama namba ya NIDA. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa iliyoandikishwa, mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Yake ilianza na 19740312. Ikaoana na ubatizo.

Ile Julai mosi ilitoka wapi? Aliulizwa siku yake ya kuzaliwa, akataja mwaka tu. Karani akajaza katikati ya mwaka ili fomu ipite. Ndiyo maana nawasihi, mama zangu: tarehe usiyoijua usimwachie karani aitunge. Sema sijui, rudi kesho na cheti.

Kwa hiyo NIDA haikuwa na kosa lolote, na mama hakuwa na sababu ya kwenda huko. Kilichohitajika ni kurekebisha taarifa za benki. Alijaza fomu ya kuhuisha taarifa, akaleta kitambulisho halisi pamoja na nakala, na kwa ajili ya majina akaenda kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo akaapa hati ya kiapo. Hati hiyo lazima itaje majina yote mawili kama yalivyoandikwa, iseme ni ya mtu mmoja, iseme lipi litumike kuanzia sasa, na iwe na sahihi na muhuri. Nimeona viapo vinavyotaja jina jipya peke yake. Hicho hakiunganishi kitu, utarudishwa.

Na mjue mwisho wa nguvu ya kiapo. Kinaeleza kuwa majina mawili ni mtu mmoja. Hakibadilishi kumbukumbu ya NIDA hata kidogo. Kama NIDA ndiyo yenye kosa, mfano mwaka wako wa kuzaliwa umeandikwa 1984 na cheti cha kuzaliwa kinasema 1974, basi anzia ofisi ya NIDA ya wilaya ukiwa na hati zinazokutetea. Wakisharekebisha, nenda kwenye duka la kampuni ya simu ukahuishe laini kwa kidole, na benki iwe ya mwisho. Ukianza na benki utaifanya kazi hiyo mara mbili, kwa sababu benki haipati habari yenyewe kwamba NIDA wamebadilisha. Na kama uliacha jina la zamani kwa hiari yako, hilo si kosa la herufi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Yule mama alikuwa na la pili, na hili lilinisumbua zaidi. Mbali na ile aliyoisajili kwa kidole, laini aliyozoea kupokelea fedha za dagaa ilikuwa ya kijana wake. Tulipiga *106# kwenye simu ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba hiyo haikuwamo. Hapa hakuna kiapo kitakachosaidia, kwa sababu mwenye laini ni mtu mwingine kweli. Salio lile, kwa macho ya kampuni, ni la kijana. Angefariki, Mungu apishe mbali, fedha za mama zingehesabiwa kwenye mirathi ya mwanawe, na kampuni ingemtaka msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Nikamwambia atoe salio lote kwanza, kisha waende dukani wote wawili, kila mmoja na kidole chake, laini ihamishwe.

Wapo mawakala watakaokwambia, "Mama, weka kidole cha huyu, tumalize." Kataa. Kutoa taarifa za uongo kwenye usajili ni kosa la jinai, na siku ya mgogoro wakala hatakuwapo.

Swali nililoulizwa nilipokuwa naingia: fomu inapouliza kipato cha mwezi, uandike nini wakati dagaa hawavuliwi mbalamwezi? Andika ukweli huohuo. Kazi: mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni. Kipato: mapato ya siku za giza, na ueleze kuwa kwenye mbalamwezi hupungua. Ukiandika "mama wa nyumbani" halafu milioni nne zikaingia ndani ya wiki moja, sheria inaitaka benki iulize, na wakati inauliza, akaunti inaweza kusimamishwa huku gari la mzigo linakusubiri.

Mama yule alirudi baada ya laini kuhamishwa. Tulijaribu kwa shilingi elfu moja, kutoka akaunti kwenda simu. Kabla hajabonyeza namba ya siri, jina la mpokeaji likatokea kwenye kioo: MBUKE NG'WANDU MASALU. Akalisoma kwa sauti, pole pole, kisha akabonyeza.